Hesabu ya Siku za Kibarua

Saa kumi na moja na nusu alfajiri, mwezi wa Julai, lango la wafanyakazi la hoteli yoyote kubwa ya Diani huwa limeshapata watu. Lango hilo haliko upande wa bahari bali upande wa barabara, karibu na pipa la taka na mlango wa jikoni. Vijana husimama wakiwa na viatu vyeusi mkononi ili visijae vumbi. Msimamizi hutoka na karatasi, akasoma majina kumi na mawili. Waliosomwa huingia, soja akaandika kila mmoja kwenye kitabu cha getini, na wengine hurudi kwenye matatu kuelekea Ukunda.

Mwaka 2011 nilikuwa miongoni mwa waliosomwa. Niliosha vyombo kwa miezi minne na siku kadhaa, nikilipwa kila Jumamosi. Jioni moja nikaambiwa wageni wamepungua, kesho nisije. Nikashukuru, nikaondoka. Kwa kuwa niliitwa kibarua, niliamini kwamba sidai chochote. Ilinichukua miaka kujua kwamba jina nililopewa halikuwa na uzito niliodhani, na kwamba kilichokuwa na uzito ni idadi ya siku zilizokuwa kwenye kile kitabu cha soja.

Hoteli za pwani ya Kenya huishi kwa msimu. Wageni huongezeka kuanzia Julai hadi Septemba, wakapungua kidogo, kisha hufurika kuanzia katikati ya Desemba, kaskazi ikivuma na jua likiwa kali. Pasaka ikipita na masika yakianza, vyumba hubaki vitupu. Watamu na Malindi zipo hoteli zinazofunga kabisa hadi Julai. Hakuna mwenye hoteli anayeweza kulipa wahudumu wa vyumba 200 mwezi wa Mei, na hakuna sheria inayomlazimisha. Tatizo haliko kwenye msimu, liko kwenye namna watu wanavyoingizwa kazini na namna wanavyotolewa.

Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 inamtaja kibarua kwa maneno machache sana. Ni mtu ambaye masharti yake ni kulipwa mwisho wa kila siku, na ambaye hakuchukuliwa kwa zaidi ya saa 24 kwa mara moja. Mtu wa namna hiyo anaweza kuachishwa jioni yoyote bila notisi, naye anaweza kutorudi kesho bila kumwambia mtu. Kwa harusi ya siku mbili ufukweni au kongamano la wikendi, mpango huo unafaa pande zote.

Lakini kitanda cha hoteli hutandikwa kila siku, na sahani huoshwa kila siku. Ndiyo maana kuna kifungu cha 37, ambacho kila mtu anayesimama kwenye lango lile angestahili kukijua kwa moyo. Kinasema kwamba kibarua akifanya kazi siku mfululizo ambazo zikijumlishwa zinafika mwezi mmoja, au akipewa kazi ambayo kwa akili ya kawaida haiwezi kumalizika chini ya miezi mitatu, mkataba wake unahesabiwa kuwa wa mshahara wa mwezi. Hahitaji barua wala ridhaa ya meneja, na kuendelea kulipwa kila Jumamosi hakubadilishi kitu. Akiendelea hadi miezi miwili tangu siku ya kwanza, anastahili masharti yote ambayo sheria ingempa kama asingeanza kama kibarua, yaani likizo, mapumziko yenye malipo, notisi na ulinzi dhidi ya kufukuzwa bila sababu.

Ndani ya kifungu hichohicho mna sentensi ambayo hata wasimamizi wazoefu huisahau. Katika kuhesabu ujira na siku zake, kibarua aliyefanya kazi siku sita mfululizo anahesabiwa kuwa na siku moja ya mapumziko yenye malipo, na siku hiyo, pamoja na sikukuu yoyote iliyoangukia hapo, inaingia kwenye hesabu ya siku mfululizo. Kwa hiyo ofu ya Jumapili haikati mfululizo. Ni sehemu yake, na inalipwa.

Hapa ndipo baadhi ya hoteli huanza kucheza na kalenda. Siku ya 26 au ya 27 kibarua huambiwa apumzike siku tatu nne, kisha arudi kama mpya. Wengine hubadilishiwa idara, mwezi mmoja jikoni na mwezi mmoja bustanini. Wapo wanaoombwa wasaini karatasi ya wakala ambaye hawajawahi kumwona. Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi hutazama sura nzima ya jambo. Mtu anayetandika vitanda vilevile kuanzia Julai hadi Novemba na kukosekana siku tatu kila mwisho wa mwezi, mapengo yake huonekana wazi kuwa yamepangwa. Hata hivyo si kila shauri hufaulu, kwa sababu mfanyakazi lazima kwanza aonyeshe kwamba siku hizo alizifanya kweli. Pia kifungu cha 37 ni cha kibarua wa siku peke yake. Mwaka 2017, katika kesi iliyohusu wafanyakazi wa chumvi wa pwani hiihii, Mahakama ya Rufaa ilisema kwamba anayelipwa kwa kipande cha kazi hawezi kukitumia. Kwa hiyo hotelini anayelipwa kwa idadi ya chupa alizookota au mita za ua alizokata yuko kwenye kundi jingine, na ni vizuri alijue kabla hajaenda kudai.

Kuna pia mkataba wa msimu, ambao wengi huuchanganya na kibarua. Huu una tarehe ya kuanza na tarehe ya kumalizika, na kama unafika miezi mitatu au zaidi sheria inataka uwe wa maandishi, na mwajiri ndiye mwenye wajibu wa kuuandaa. Mwajiri akifikishwa mahakamani bila karatasi, basi ni juu yake kuthibitisha au kupinga masharti anayoyadai mfanyakazi. Nimekutana na wahudumu wanaodhani kutokuwa na barua kunawavua haki. Sheria haisemi hivyo, na mzigo wa karatasi iliyokosekana umewekwa begani mwa hoteli.

Mkataba wa msimu una ubaya wake, nao ni bora usemwe wazi. Tarehe ya mwisho ikifika, unakufa wenyewe. Hoteli hailazimiki kutoa notisi, kueleza sababu, wala kukuita tena Julai. Mahakama za Kenya zimerudia msimamo huo mara nyingi, kwamba kuitwa misimu mitatu iliyopita si ahadi ya kuitwa wa nne. Anayetaka kudai kwamba alikuwa na haki ya kutarajia lazima aonyeshe mwajiri alifanya nini au aliandika nini kumpa tarajio hilo, kwa mfano barua ya Machi inayosema utaripoti tarehe fulani. Maneno ya msimamizi wa idara, tena ya kuagana tu, hayatoshi.

Ila ubaya huo una upande wa pili. Kama tarehe ya mwisho inamlinda mwajiri, inamfunga pia. Msimu wa kwenye mkataba ni ule ulioandikwa, hata kama wageni wamekatika mapema. Pwani inajua vizuri jinsi wageni wanavyoweza kukatika ghafla. Mei 2014 Uingereza ilipowaonya raia wake kuhusu Mombasa, watalii walipandishwa ndege kabla likizo zao hazijaisha, na hoteli zikafunga milango. Msiba kama huo ni wa kweli kwa mwajiri, na sheria inampa njia ya kupunguza wafanyakazi kwa kukosa kazi. Njia hiyo ina hatua zake. Chama cha wafanyakazi, au mfanyakazi mwenyewe asiye mwanachama, pamoja na afisa wa kazi, wanapewa taarifa si chini ya mwezi mmoja kabla. Kisha kunafuata utaratibu wa haki wa kuchagua nani aondoke, na malipo ya angalau siku 15 kwa kila mwaka uliokamilika. Kumwambia mtu jioni asije kesho hakumo katika hatua hizo.

Tuchukue mfano mmoja, tuutembeze hadi mwisho. Ni dada anayesafisha vyumba katika hoteli ya Diani. Anaanza tarehe 1 Julai kama kibarua kwa shilingi 900 kwa siku. Anafanya kazi siku sita kwa wiki na ofu siku moja isiyolipwa, hadi 30 Novemba. Tarehe 1 Desemba anapewa mkataba wa msimu wa shilingi 27,000 kwa mwezi, unaokwisha 31 Machi, na ndani yake kuna mstari unaosema kila upande unaweza kuuvunja kwa notisi ya siku saba. Tarehe 28 Februari jioni ofisi inamwita. Vyumba ni vitupu, asante kwa kazi, saini hapa.

Karatasi anayowekewa mbele imepigiwa hesabu hivi. Mshahara wa Februari umeshalipwa. Badala ya notisi, siku saba kwa 900 ni shilingi 6,300. Likizo ni ya Desemba, Januari na Februari. Sheria inampa anayeondoka baada ya miezi miwili au zaidi siku 1.75 kwa kila mwezi uliokamilika, kwa hiyo ni siku 5.25, sawa na shilingi 4,725. Jumla ni 11,025. Chini kabisa kuna maneno kwamba amelipwa kila kitu na hatadai tena.

Kosa la kwanza liko kwenye tarehe ya kuanza. Hoteli imehesabu kana kwamba alizaliwa Desemba. Lakini kwa kifungu cha 37 alishakuwa mfanyakazi wa mwezi tangu Julai ilipokwisha, na Agosti ilipokwisha alikuwa na haki zote. Mkataba wa Desemba haukukatisha kazi ila ulibadilisha karatasi, na siku ya pili yake alitandika vitanda vilevile kwenye korido ileile. Kuanzia Julai hadi Februari ni miezi minane iliyokamilika. Mara 1.75 tunapata siku 14 za likizo, ambazo kwa 900 ni shilingi 12,600. Nimetumia kiwango cha chini kabisa cha kuhesabia, na mwanasheria wake angeweza kuomba zaidi.

Kosa la pili ni zile ofu. Kutoka 1 Julai hadi 30 Novemba ni siku 153, ambazo ndani yake mna wiki 21 kamili. Siku 21 za mapumziko alizostahili kulipwa, kwa 900 kila moja, ni shilingi 18,900. Mshahara wa Desemba wenyewe unaonyesha jambo hili, kwa sababu 27,000 ni 900 mara 30. Hoteli ilipoandika mkataba wa mwezi, ilihesabu na siku ya mapumziko. Ilipomlipa kwa siku, iliiacha.

Kosa la tatu ni notisi. Anayelipwa kwa mwezi, kwa sheria, anaachishwa kwa notisi ya maandishi ya siku 28 au malipo badala yake. Masharti hayo ni kiwango cha chini. Mkataba unaweza kuyaongeza, hauwezi kuyapunguza. Mstari wa siku saba hausimami, hata kama aliusaini kwa mkono wake. Siku 28 kwa 900 ni shilingi 25,200.

Tukijumlisha tunapata shilingi 56,700, dhidi ya 11,025 zilizo mezani. Na hapo sijagusa swali la kama kumwachisha vile kulikuwa halali. Mahakama ikiona utaratibu wa kupunguza wafanyakazi haukufuatwa, inaweza kumwongezea fidia hadi kikomo cha mishahara ya miezi 12. Kwa mtu wa kazi fupi hivi, asitarajie kufika karibu na kikomo hicho. Lakini hoteli hiyohiyo ingesubiri hadi 31 Machi, mkataba ungekufa kwa tarehe yake, na notisi isingedaiwa. Kwa mwezi mmoja wa subira ingepata kazi ya mwezi mmoja, badala ya kulipia karibu mwezi mzima bila kazi.

Ile saini ya mwisho ndiyo inayoniumiza zaidi. Watu huisaini wakidhani ni stakabadhi ya pesa tu. Mahakama ya Rufaa imewahi kuamua kwamba mfanyakazi aliyesaini makubaliano ya aina hiyo kwa hiari yake, akielewa anachosaini, anafungwa nayo. Wakikuharakisha, chukua pesa na uandike kwa kalamu pembeni mwa saini kwamba umepokea kiasi hicho na bado hujakubali hesabu, kisha piga picha ya karatasi. Ofisi ikikataa karatasi iliyoandikwa hivyo, iache mezani. Pesa za siku ulizofanya kazi ni zako, na haziwezi kugeuzwa kuwa bei ya saini.

Kuhusu saa sitakaa sana, kwa kuwa hotelini ugomvi wa saa huwa wa namna moja. Mhudumu wa mgahawa hupangiwa shifti iliyokatwa, yaani kuanzia saa kumi na mbili asubuhi hadi saa nne, kisha kuanzia saa kumi na mbili jioni hadi saa tano usiku. Hiyo ni saa tisa za kazi, lakini siku yake nzima imeliwa. Agizo la jumla la mishahara linaweka kikomo cha kawaida cha saa 52 katika siku sita, na shifti kama hiyo mara sita ni saa 54. Saa mbili zinazozidi zinalipwa mara moja na nusu. Zikiangukia siku ya mapumziko au sikukuu kama Mashujaa tarehe 20 Oktoba au Jamhuri tarehe 12 Desemba, zinalipwa mara mbili. Penye makubaliano ya pamoja kati ya hoteli na chama cha KUDHEIHA, saa zinaweza kuwa chache na viwango vikawa bora, kwa hiyo swali la kwanza la kumuuliza mwakilishi wa chama ni kama hoteli yenu imo kwenye makubaliano hayo. Ikiwa imo, mfanyakazi wa msimu asikubali kuambiwa kwamba kitabu hicho ni cha wa kudumu peke yao mpaka akisome mwenyewe.

Neno moja kuhusu sahani. Mwisho wa msimu vibarua wengi hukuta mshahara umekatwa kwa ajili ya vyombo vilivyovunjika au taulo zilizopotea, mara nyingi kwa kugawanya hasara ya idara nzima. Sheria inaruhusu makato ya kiasi cha haki kwa mali iliyoharibika au kupotea kwa kusudi la mfanyakazi husika. Glasi iliyoteleza kwenye trei haimo. Taulo aliyoondoka nayo mgeni haimo pia.

Yote haya hutegemea ushahidi, na ushahidi wa kibarua ni vitu vidogo ambavyo watu hufuta kwenye simu ili kupata nafasi. Ujumbe wa M-Pesa wa kila Jumamosi una tarehe, kiasi na jina la aliyetuma. Rosta iliyobandikwa nyuma ya mlango wa stoo inaweza kupigwa picha kila wiki. Taarifa ya michango ya NSSF huonyesha mwezi ambao mwajiri alianza kukuchangia, na pale anapokana kwamba ulikuwapo Agosti, karatasi hiyo husema kwa niaba yako. Kama hakuchangia kabisa, hilo nalo ni jambo la kumuuliza, maana anayechangiwa NSSF halipwi tena malipo ya utumishi ya mwisho wa kazi, na asiyechangiwa anaweza kuyadai kwa kila mwaka aliofanya. Kitabu cha getini ni cha hoteli, lakini mahakama inaweza kuamuru kiletwe.

Pa kupeleka madai si mbali. Afisa wa kazi wa kaunti husikiliza bure, na barua yake mara nyingi hutosha kuifanya ofisi ipige hesabu upya. Isipotosha, Jaji Mkuu alishateua mwaka 2018 mahakimu wa kusikiliza kesi za ajira za wenye mshahara usiozidi shilingi 80,000 kwa mwezi, kwa hiyo mhudumu wa Diani si lazima aanzie Mahakama ya Ajira yenyewe. Muda wa kufungua shauri ni miaka mitatu. Msomaji wa Unguja asichukue tarakimu hizi, kwa kuwa kule kuna Sheria ya Ajira ya Zanzibar ya mwaka 2005 na hesabu zake ni nyingine, ijapokuwa msimu na bahari ni vilevile.

Kuna karatasi moja zaidi ambayo watu huisahau wakihangaikia pesa, nayo ni cheti cha utumishi. Aliyefanya kazi wiki nne mfululizo au zaidi anastahili kupewa, kikitaja jina la mwajiri, aina ya kazi, tarehe ya kuanza na tarehe ya kumaliza, bila kujali ameachana vipi na hoteli. Kikitolewa, kiangalie tarehe ya kuanza kabla hujatoka ofisini. Dada wa mfano wetu angekisoma na kukuta 1 Desemba, na hapo ndipo angepaswa kukirudisha mezani na kuonyesha picha ya rosta ya Julai.